Kosa Moja kwa Kila Akaunti

Mwishoni mwa Novemba 2023 wadukuzi waliingia katika mtandao wa Microsoft kupitia akaunti ya zamani ya majaribio, isiyokuwa na uthibitisho wa pili wa kuingia. Kampuni iligundua uvamizi huo tarehe 12 Januari 2024, na kufikia hapo barua pepe za baadhi ya viongozi wake zilikuwa zimeshasomwa. Wadukuzi hao walikuwa wamekisia nenosiri, lakini kwa majaribio machache kwa kila akaunti, tena kupitia anwani nyingi za mtandao, ili wasimshtue mtu.

Mbinu hiyo huitwa kunyunyiza nenosiri. Mwizi wa kawaida hubeba shada la funguo na kuzijaribu zote kwenye mlango mmoja. Huyu ana ufunguo mmoja, anaujaribu mara moja kwa kila mlango wa jengo zima. Kampuni nyingi hufunga akaunti inapokosewa, tuseme, mara tano mfululizo. Anayekosea mara moja tu kwa kila akaunti hafiki huko kamwe.

Tuchukue mfano wa kampuni yenye akaunti 600 katika saraka ya Active Directory. Mdukuzi anachagua nenosiri moja ambalo watu hulipenda, kama vile jina la kampuni na mwaka, kisha analijaribu kwa akaunti tano kila dakika. Baada ya saa mbili amezimaliza zote. Anapumzika hadi kesho, ndipo aje na nenosiri jingine.

Alama zake zipo. Seva inayothibitisha watumiaji inaweza kuandika tukio namba 4771 kila nenosiri linapokosewa, pamoja na alama 0x18, jina la akaunti na anwani ya kompyuta iliyojaribu. Hata hivyo, uandikaji huo lazima uwe umewashwa, na kumbukumbu za seva zote zikusanywe mahali pamoja. Kila seva huandika yale yaliyopita kwake tu. Ukisoma moja kati ya nne, huenda ukaona robo ya tukio.

Ukishazikusanya, usihesabu makosa ya kila akaunti. Hesabu ni akaunti ngapi tofauti zimekosewa kutoka anwani moja ndani ya saa moja. Kompyuta ya mezani hutumiwa na mtu mmoja au wawili, kwa hiyo majina kumi kutoka humo yanatosha kupiga kengele.

Tatizo ni Jumatatu asubuhi. Wafanyakazi wa mbali wote hupitia lango moja la mtandao, na seva huwaona kama wanatoka anwani moja. Watu 40 wakikosea kuandika nenosiri, tahadhari inalia bure. Ikilia hivyo kila wiki, wahusika wataacha kuisikiliza.

Dawa yake ni kutazama kinachofuata baada ya kosa. Mfanyakazi aliyekosea huandika tena na kuingia ndani ya dakika chache, kwa sababu ana kazi inayomsubiri. Mnyunyizaji hukosea, akaenda kwa jina linalofuata. Basi ondoa kwenye hesabu kila akaunti iliyofanikiwa kuingia kutoka anwani ileile ndani ya dakika kumi. Wale 40 wa Jumatatu huenda wakabaki wanne. Wa mdukuzi, 300 kwa saa, hawatapungua.

Kiwango cha tahadhari kipatikane kwa kupima wiki nne za kawaida, na lango la pamoja liwekewe kiwango chake lenyewe. Usilisamehe kabisa, maana mdukuzi naye anaweza kupitia hapo.

Akitumia anwani mpya kwa kila jaribio, hesabu ya anwani moja haitamkamata. Hapo fanya hesabu ya pili, ya saa 24 na bila kujali anwani: ni akaunti ngapi zimekosewa mara moja na mwenyewe hakurudi? Ongeza pia akaunti mbili tatu za chambo, zenye majina ya kawaida lakini zisizo na mtumiaji yeyote. Kwa kuwa hakuna mwenye sababu halali ya kuzigusa, kosa moja juu yake linastahili kuchunguzwa.

Tahadhari ikilia, wengi huanza kubadilisha manenosiri ya akaunti zilizokosewa. Lakini hizo ndizo zilizomshinda mdukuzi. Ikiwa kati ya majina 600 yamekosewa 597, anza na yale matatu yasiyoonekana. Tafuta tukio namba 4768 lenye matokeo 0x0 kutoka anwani hiyohiyo, katika saa hizohizo. Jina lililo humo ndilo nenosiri lake lilikubali: kata miunganisho yake yote kwanza, kisha umpigie simu mwenye akaunti.