Wasifu wa Meneja Mwandamizi

Wasifu wa meneja mwandamizi hupimwa kwanza kwa ukubwa wa faida na hasara aliyowajibika nayo. "Alisimamia kiwanda" haitoshi. Maelezo yenye uzito husema, kwa mfano, kwamba alipokea kiwanda cha maziwa chenye hasara ya shilingi bilioni 2 kwa mwaka, akafuta safari za usambazaji zisizolipa, na baada ya miezi 18 kikapata faida ya milioni 600. Tarakimu ya mwisho ikisimama peke yake huzua shaka. Kuhusu bodi, hutajwa taarifa aliyowasilisha, mara ngapi, na uamuzi uliofuata. Kurasa zikizidi mbili, kazi za zamani hubakizwa cheo, mwajiri na miaka tu. Kupunguza ukubwa wa herufi ni kumchosha msomaji.