Mchana Tanuri, Usiku Sakitu

Tamanrasset ni mji wa kusini mwa Algeria, ndani kabisa ya Sahara, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Januari mtu hutembea huko mchana na shati jepesi, joto likiwa karibu nyuzi 20. Usiku baridi hushuka hadi nyuzi tano hivi, na zipo alfajiri ambazo maji yaliyoachwa nje hukutwa yameganda. Jua halijapungua nguvu, wala ardhi haijabadilika. Kinachokosekana ni maji, na ukosefu huo huo ndio unaounguza mchana na kugandisha usiku.

Tuanze na mchana. Jua la utosi likipiga ardhi yenye unyevu, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kukausha maji. Lita moja tu ikigeuka mvuke humeza joto linalokaribia lile ambalo jua kali humwaga kwenye mita moja ya mraba kwa dakika 40. Jangwani hakuna cha kukausha, na mawingu ya kukinga jua ni nadra. Nguvu yote inayofyonzwa hubaki kuipasha ardhi, nayo ardhi huipasha hewa iliyo juu yake. Wakati wa kiangazi uso wa mchanga huweza kufika nyuzi 70, ilhali hewa kwenye kimo cha mtu ina nyuzi 45.

Ungedhani ardhi iliyoungua hivyo itabaki na joto hadi asubuhi. Lakini mchanga mkavu hupitisha joto kwa shida, kwa kuwa kati ya punje na punje kuna hewa. Moto wa mchana haupenyi. Hukaa kwenye tabaka jembamba la juu. Chimba sentimita 30 tu, na utakuta mahali ambapo mchana na usiku havipishani sana. Ndiyo maana panya wa jangwani hujichimbia mashimo na kushinda humo. Jua likizama, basi, akiba ya joto iliyopo ni ndogo, na yote iko juu juu.

Akiba hiyo hupotelea angani. Kila kitu chenye joto hutoa miale isiyoonekana kwa macho. Ardhi huitoa mchana na usiku, ila usiku haina jua la kuifidia. Penye unyevu, mvuke wa maji ulio hewani hunasa sehemu ya miale hiyo na kuirudisha chini. Mwanafizikia John Tyndall, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi London, alianza kulipima jambo hili maabarani mwaka 1859. Aligundua kuwa oksijeni na naitrojeni, ambazo ni karibu hewa yote, huiachia miale ya joto ipite, lakini mvuke wa maji, japo ni kidogo, huizuia. Hewa ya Sahara ina mvuke haba, hivyo joto hukuta njia nyeupe.

Watu wa nyanda kame za Iran waliitumia hali hii kutengeneza barafu karne nyingi kabla ya majokofu. Usiku wa baridi walijaza maji kwenye mabwawa ya kina kifupi, kando ya ukuta mrefu wa udongo uliozuia jua la mchana. Maji yaliweza kuganda hata hewa ikiwa juu kidogo ya sifuri, kwa sababu yalipoteza joto kuelekea angani upesi kuliko hewa ilivyoweza kuyapasha. Barafu ilivunjwa asubuhi na kuhifadhiwa kwenye ghala lenye kuba hadi kiangazi. Kwa sababu hiyo hiyo, msafiri anaweza kukuta sakitu chini huku kipimajoto kilichotundikwa kwenye kimo cha mtu kikionyesha nyuzi tatu.

Hata hivyo, si kila usiku wa jangwani unagandisha. Huko In Salah, Algeria, mchana wa Julai hufika nyuzi 45 na zaidi, na usiku hushuka hadi karibu 30 tu: ardhi imeanza na joto jingi, na usiku ni mfupi. Sakitu ni ya majira ya baridi na ya nyanda za juu.

Pwani ya Oman inaonyesha upande wa pili. Ni nchi ya jangwa, lakini bahari huijaza hewa unyevu, na usiku wa Juni mjini Maskati huwa na nyuzi 30 hivi. Mwishoni mwa Juni 2018, katika mji wa pwani wa Quriyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa siku nzima, usiku ukiwemo.

Anayelala jangwani aangalie mambo matatu jioni: anga, upepo na unyevu. Mawingu hurudisha joto chini, na upepo huchanganya hewa baridi ya ardhini na ile ya juu yenye joto zaidi. Anga ikiwa safi, upepo umetulia na hewa ni kavu, baridi itazidi saa baada ya saa, na kilele chake hakitakuwa saa sita za usiku bali karibu na macheo, kwa kuwa ardhi huendelea kupoteza joto mpaka jua lianze kuirudishia.