Buloni ilinipa 0,51

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: «Mwalimu, buloni ya digrii 98 ikiingia kwenye maji ya digrii 27, mbona maji hayafiki katikati, 62 hivi?» Nikamwambia, tupime tuone.

Tulichukua vikombe viwili vya frigoliti, kimoja ndani ya kingine, kwa sababu frigoliti haipitishi joto kwa urahisi. Ndani tukatia gramu 150 za maji ya digrii 27. Buloni ya chuma, gramu 200, tuliiacha dakika kumi kwenye maji yanayochemka. Kindu iko karibu mita 500 juu ya bahari, kwa hiyo hapa maji yanachemka kwenye digrii 98 hivi, si 100. Tukaivuta kwa kamba, tukaitumbukiza, tukafunika na kukoroga polepole. Kipimajoto kikapanda mpaka 37, kikasimama.

Buloni imeshuka digrii 61, maji yamepanda 10 tu. Halijoto inatuambia kitu kina moto kiasi gani. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi. Nishati ileile haipandishi vitu vyote sawasawa: gramu moja ya maji inataka juli 4,18 ili ipande digrii moja, na chuma inataka kidogo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hizo. Kiasi hicho ndicho joto mahususi, c.

```
Q = m × c × ΔT
maji:   150 × 4,18 × 10 = 6270 J
chuma:  c = 6270 / (200 × 61) = 0,51
```

Shida ni kwamba kitabu kinasema 0,45. Kusema kweli, nilitamani kuandika 0,45 ubaoni na kumaliza mambo. Lakini yule mtoto alikuwa ananiangalia.

Tukafikiri. Kama joto lilipotea hewani, maji yangepata kidogo, na jibu lingekuwa chini ya 0,45. Letu liko juu. Basi kuna joto la ziada lililoingia. Tukatoa buloni, tukaikung'utia humohumo kikombeni, tukapima: maji gramu 153! Gramu tatu za maji ya moto zilijificha kwenye meno ya buloni na kwenye kamba. Zilileta 3 × 4,18 × 61, yaani juli 765. Ukizitoa, zinabaki 5505, na c inakuwa 0,45.

Mara ya pili tuliipangusa buloni kwa kitambaa kwanza. Maji yakafika 35,5, jibu 0,43. Sasa tuko chini, kwa sababu tulipokuwa tunapangusa, kitambaa na hewa vilichukua chao.

Kwa hiyo, ndugu, jibu likikataa usilifute. Angalia kwanza limekosea upande gani: juu, tafuta maji yaliyojificha, chini, tafuta joto lililotoroka.