Samaki, Barafu na Kisu Mbele ya Kamera

Mnunuzi wa samaki anajua kusoma samaki. Pale Soko la Feri, Dar es Salaam, mama anayenunua kwa ajili ya nyumba yake huinua kifuniko cha shavu, akaangalia kama matamvua ni mekundu, akabonyeza mgongo kwa kidole na kutazama kama nyama inarudi. Kisha huangalia jicho. Yote hayo hayamchukui hata nusu dakika. Mnunuzi huyohuyo ndiye atakayeona tangazo la duka kubwa kwenye gazeti au kwenye bango la barabarani, na ataisoma picha kwa macho yaleyale. Kwa hiyo picha ya meza ya samaki haiokolewi na mpiga picha hodari ikiwa meza yenyewe imepangwa na mtu asiyejua samaki.

Tuchukulie mfano mmoja. Duka linataka picha ya meza yake: urefu mita 2, kina sentimita 80, juu yake changu wazima, mapande ya nguru, minofu ya sangara, jodari kidogo na kamba. Jumla kilo 40 hivi. Picha itapigwa saa nne asubuhi. Kazi ya kwanza ni barafu, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanaihesabu kama pambo.

Barafu inayoyeyuka hukaa kwenye nyuzijoto 0, na hapo samaki anataka kukaa. Samaki wa kilo 10 aliyefika akiwa na nyuzi 30 anahitaji takriban kilo 3 za barafu iyeyuke yote ili yeye ashuke hadi sifuri. Hiyo ni hesabu ya darasani, isiyo na jua, upepo wala watu wanaofungua masanduku. Kwenye joto letu wavuvi na wachuuzi makini huweka kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Samaki wetu wa kilo 40 basi wanataka kilo 40 za barafu kwenye masanduku kabla hawajafika mezani. Meza nayo ina hesabu yake: kuijaza barafu ya chenga kwa kina cha sentimita 10 kunachukua kilo 70 hivi. Mpangaji mjuzi hupunguza mzigo huo kwa kufunika kreti safi za plastiki chini, kisha akamwaga barafu juu yake. Kreti hizo pia zinainua upande wa nyuma, meza ikainamia mbele kidogo. Mteremko huo unamwezesha mteja, na kamera, kuona samaki wa nyuma, na unayapa maji ya kuyeyuka njia ya kwenda kwenye tundu la kutolea. Samaki aliyelala kwenye dimbwi la maji yake mwenyewe huharibika upesi, na dimbwi huonekana kwenye picha kama kivuli cha kijivu.

Barafu yenyewe iwe ya chenga. Vipande vikubwa vya mraba vya kuwekea soda vina kona kali zinazochubua ngozi, na huacha mapengo ya hewa kati yao na samaki, hivyo baridi haimfikii. Chenga hulala juu ya mwili na kuufuata umbo lake. Kuna barafu bandia za plastiki zinazotumika studio kwa picha za vinywaji. Kwenye meza ya samaki sizikubali hata kidogo. Samaki aliyewekwa juu ya plastiki chini ya taa anaanza kuharibika wakati tangazo linaahidi baridi.

Jambo moja dogo limeharibu picha nyingi. Barafu ikigusana na jicho la samaki kwa muda, jicho hupata ukungu, hata kama samaki alivuliwa alfajiri hiyo. Mteja ataliona jicho hilo na kusema samaki amelala siku tatu. Ndiyo maana wale changu waliochaguliwa kuwa mbele kabisa hufunikwa kichwa kwa karatasi safi yenye maji kabla ya kufukiwa kwenye barafu sandukuni, na mezani vichwa vyao huegemezwa ili jicho libaki juu ya chenga.

Sasa mapande. Hapa ndipo picha za matangazo hudanganya bila hata kukusudia. Nguru ni samaki mrefu, na kisu kinapopita mwilini mwake kutoka kichwani kwenda mkiani kila pande hutoka na sura yake. Mapande ya karibu na kichwa yana uwazi chini, pale palipokuwa na tumbo, na nyama ya tumbo inaning'inia pande mbili kama miguu ya suruali. Ukipita tumbo, pande linafungika na kuwa duara la yai. Kuelekea mkiani yanazidi kuwa madogo. Katikati kuna pingili ya uti wa mgongo, na pembeni, chini ya ngozi, kuna mstari wa nyama nyeusi kila upande. Tangazo linaloonyesha mapande kumi yaliyolingana kabisa, yote duara, linaonyesha samaki asiyekuwepo baharini. Mpishi yeyote wa Tanga au Lamu atasita akiona, hata asipojua kwa nini anasita. Afadhali kulaza mapande kwa mfuatano wa mwili, kutoka yenye tumbo hadi ya mkiani, yote kwa unene wa sentimita 2 na kidogo. Hapo mteja anamwona samaki mzima ndani ya mapande, na anajua pande la namna gani atapewa.

Chini ya pingili kwenye mapande ya tumbo hukaa damu nyeusi iliyoganda. Isuguliwe kwa brashi ndogo na maji safi ya baridi. Damu hiyo huharibika kabla ya nyama, na ikibaki inachafua barafu nyeupe pembeni.

Minofu inataka uangalifu zaidi kwa sababu haina ngozi ya kuikinga. Mnofu uliokatwa kwa mpigo mmoja mrefu wa kisu chenye makali una uso laini, na mistari ya nyama inaonekana vizuri ikijipinda kwa mpangilio wake. Kisu butu kinachokwenda mbele na nyuma huacha ngazi ngazi. Kuna pia kasoro isiyosababishwa na kisu: mnofu kupasuka kati ya tabaka zake, nyufa zikaonekana ukiukunja kidogo. Mara nyingi ni ishara kwamba samaki alipata joto, au alivutwa na kunyooshwa kwa nguvu alipokuwa amekakamaa baada ya kufa. Hakuna pambo la limau linaloficha nyufa hizo, na mnofu wa namna hiyo uondolewe kwenye meza.

Minofu na mapande yasilale moja kwa moja juu ya barafu. Maji ya kuyeyuka huinyonya rangi na ladha nyama iliyokatwa, ikabaki nyeupe na tepetepe. Huwekwa kwenye sinia za chuma kisichoshika kutu zilizozamishwa ndani ya barafu. Upande mmoja wa baadhi ya minofu ubakizwe na ngozi, kwa sababu ngozi ndiyo inayomthibitishia mnunuzi kwamba kibandiko kilichoandikwa changu kimesimama mbele ya changu.

Usafi nao huonekana bila bango la kuutangaza. Kisu chenye mpini wa plastiki badala ya mti uliochakaa. Ubao wa buluu kwa samaki mbichi, kama jikoni nyingi za hoteli zinavyotenganisha kwa rangi. Kofia inayofunika nywele zote, mikono isiyo na pete wala saa. Vibandiko vya bei vichomekwe kwenye barafu, visichomwe kwenye nyama. Kitu ninachokitafuta kwanza kwenye picha ya namna hii ni kitambaa: kitambaa kimoja chenye maji begani mwa muuzaji, kinachofuta kisu, meza na mikono, kinahamisha uchafu kutoka kila kitu kwenda kila kitu. Weka karatasi za kutumia mara moja. Na muuzaji anayeonekana akikata asionekane akipokea noti kwa glovu zilezile.

Taa inakuja mwisho. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani pana mwanga kupita kiasi na kuufifiza, barafu ikatoka ya kijivu, kwa hiyo mpiga picha huongeza mwanga kwa hatua moja au moja na nusu. Mwanga mkuu utoke nyuma au pembeni ili chenga zing'ae. Ngozi iliyolowa hutoa mng'ao mkali, na kichujio maalumu cha kuzungusha mbele ya lenzi huupunguza. Kisizungushwe hadi mwisho: ukiondoa mng'ao wote samaki anaonekana mkavu. Taa za wekundu zinazopaka nyama rangi zizimwe. Jodari hubadilika kutoka nyekundu kuwa kahawia kwa kukaa hewani tu, kwa hiyo hukatwa wa mwisho na kupigwa picha wa kwanza. Akishabadilika, kata pande jingine, usimpake rangi kwenye kompyuta.

Mipaka ya ujanja ina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Marekani kampuni ya Campbell iliweka gololi chini ya bakuli la supu ili mboga zikae juu zionekane nyingi. Tume ya Biashara ya Shirikisho ikalifuatilia jambo hilo, na mwaka 1970 kampuni ikakubali kuacha. Hakuna aliyeandika uongo kwenye tangazo lile, picha ndiyo iliyosema. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012. Kujaza kreti chini ya barafu ni halali machoni pangu, kwa kuwa ndivyo meza halisi zinavyojengwa. Kupaka glisirini ili samaki aliyenyauka ang'ae si halali.

Kupanga taa huchukua muda mrefu kuliko kupiga picha yenyewe, kwa hiyo pawe na samaki wa kujaribia, mmoja wa kila aina, wakae mezani wakati taa zinasogezwa. Wale wa kuonekana hubaki kwenye masanduku, na kipimajoto kikichomwa kwenye nyama nene kisisome zaidi ya nyuzi 4. Hutolewa dakika chache kabla, hunyunyiziwa maji baridi safi, barafu mpya hutawanywa palipochafuka, picha zikapigwa.

Samaki wa kujaribia waliokaa chini ya taa hawarudi kuuzwa. Kwa jodari na nguru hili halina mjadala. Nyama yao ikipata joto, bakteria hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa tena. Inaweza kuwemo kwenye samaki asiyenuka hata kidogo, na mlaji akajikuta na uso uliowaka, kichwa kinachogonga na mwili wenye vipele saa hiyohiyo ya kula. Gharama ya samaki hao iandikwe kwenye bajeti ya tangazo tangu mwanzo, pamoja na taa na barafu, ili jioni asiwepo wa kushawishika kuwarudisha mezani.