Asilimia 36 ya nini?

Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilitoa matokeo ya mwisho ya jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Watoto 15,459 walishiriki katika nchi saba za Afrika, wakiwamo wa Korogwe, Bagamoyo na Kilifi. Tuseme umeombwa uieleze makala hiyo kwa ukurasa mmoja, na msomaji wako ni mzazi au diwani.

Usianzie kwenye ikisiri, kwa sababu imeshindiliwa namba tupu. Anzia kwenye sehemu ya mbinu, uone nani alilinganishwa na nani. Watoto wa miezi 5 hadi 17 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata dozi nne, wengine tatu, na waliobaki wakapewa chanjo isiyohusu malaria. (Wachanga wa wiki 6 hadi 12 walipimwa kando na kinga yao ilikuwa hafifu zaidi; sentensi moja inawatosha.) Wengi katika makundi yote walilala kwenye vyandarua vyenye dawa. Hilo usiliache, maana chanjo ilipimwa juu ya kinga ya chandarua, si badala yake.

Kisha njoo kwenye namba iliyobeba makala: kwa dozi nne, ufanisi ulikuwa asilimia 36.3 katika takriban miaka minne. Wengi huandika kwamba watoto 36 kati ya 100 walikingwa. Sivyo. Kilichopungua ni idadi ya mara watoto walizougua, na ilipungua kwa zaidi kidogo ya theluthi ikilinganishwa na wasiochanjwa. Makala yenyewe inakupa njia ya kulieleza: kwa kila watoto 1,000, chanjo ilizuia matukio 1,774 ya malaria. Matukio yanazidi watoto kwa sababu palipo na malaria nyingi mtoto mmoja huugua tena na tena. Mzazi hilo analijua bila kufundishwa, kwa hiyo andika hiyo 1,774 na ueleze kwa nini imezidi elfu.

Dozi ya nne nayo inastahili aya yake. Kwa waliokomea ya tatu, ukijumlisha kipindi chote, kinga dhidi ya malaria kali haikuonekana.

Kishawishi kikubwa ni kuliacha lile la kutisha. Homa ya uti wa mgongo iliwapata watoto 21 kati ya karibu 5,950 wa umri huo waliochanjwa RTS,S, na mmoja tu kati ya karibu 2,970 wasiochanjwa. Watafiti hawakuweza kusema kama chanjo ndiyo iliyosababisha. Liandike, kisha weka tarehe, kwani chanjo ilipoanza kutolewa kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, ongezeko hilo halikuonekana, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Ukurasa wa 2015 ukisambazwa leo bila tarehe utamtisha mzazi kwa shaka iliyokwisha kuchunguzwa.