Mifuko 200 Kwenye Karatasi, 194 Stoo

Katika miradi ya madarasa na zahanati inayojengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti hapa Tanzania, kazi ya kupokea vifaa hukabidhiwa kamati ya mapokezi. Wajumbe wake ni wanakijiji wa kawaida: mkulima, mama wa genge, mwalimu mmoja, pengine fundi mstaafu. Kamati nyingine hununua, nyingine husimamia ujenzi, na hii hupokea. Mgawanyo huo una maana yake, kwa kuwa aliyechagua duka na kukubaliana bei hafai kuwa ndiye anayethibitisha kwamba mzigo umefika wote. Tatizo ni kwamba mara nyingi wajumbe hawa huonyeshwa mahali pa kutia saini, wasionyeshwe namna ya kupokea.

Tuchukue shule moja ya msingi ya kufikirika inayojenga madarasa mawili. Oda ya ununuzi, ile karatasi ambayo maofisini huitwa elpio, imeandikwa hivi: saruji ya daraja la 42.5, mifuko 300 ya kilo 50, kila mmoja shilingi 18,000. Nondo za milimita 12, urefu mita 12, vipande 90. Saa kumi na moja jioni lori linaingia uwanjani. Dereva anashuka na kitabu chenye karatasi za kaboni na kumwambia mwenyekiti wa kamati, “Shikamoo mama. Saini hapa, giza linaingia na mimi narudi mjini.” Karatasi aliyoishika ndiyo hati ya kufikishia mzigo, yenyewe madereva huiita dilivari. Imeandikwa: saruji mifuko 200, nondo 90.

Kabla turubai halijafunguliwa, hati hiyo huwekwa kando ya oda na kusomwa mstari kwa mstari. Hapo mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, saruji iliyoagizwa ni mifuko 300 na hati inasema 200. Huo si wizi. Mwenye duka amesema wazi ameleta sehemu ya mzigo, labda kwa sababu stoo yake haikuwa na zaidi au lori halibebi zaidi. Mifuko 200 peke yake ni tani 10. Mifuko 100 inabaki kuwa deni la oda. La pili ni baya zaidi ingawa halina tarakimu: hati inasema “nondo 90” bila unene wala urefu. Ukiisaini ilivyo, umekubali nondo 90 za aina yoyote. Mwambie dereva aongeze maneno yaliyomo kwenye oda, au uyaandike wewe pembeni, kisha nyote wawili mtie saini palepale.

Kusoma karatasi mbili hakutoshi, na hapa ndipo kamati nyingi huishia. Karatasi zinaweza kukubaliana kikamilifu huku mzigo ukisema mengine. Ndiyo maana anayehesabu ni bora asijue idadi iliyoandikwa kwenye hati. Mtu anayetarajia 200 akifika 197 akachanganyikiwa, mkono wake utaandika 200 bila yeye kukusudia.

Saruji haihesabiwi juu ya lori wala ikiwa imekwisha kupangwa stoo. Mpangilio unaoonekana umejaa kwa nje unaweza kuwa na tundu katikati, na hakuna atakayebomoa tani 10 usiku ili kuhakiki. Huhesabiwa inapopita. Wabebaji wote wapite mlango mmoja, na mlangoni wasimame watu wawili, mmoja wa kamati na mmoja wa upande wa lori, kila mmoja na karatasi yake. Kila mfuko ni mstari mmoja, na mstari wa tano unakata minne iliyotangulia. Kila mnapofika mifuko 50, simamisheni kazi nusu dakika mlinganishe karatasi. Kama zimetofautiana, mnachohitaji kurudia ni hiyo 50 ya mwisho tu. Bila utaratibu huo, ubishi wa mifuko sita mwishoni mwa kazi hauamuliki, na asiyeamua chochote hushindwa na mwenye haraka.

Wakati mifuko inapita, iguseni. Mfuko uliokaa chini ya mingine kwa muda mrefu huwa mgumu pembeni, lakini ukiubingirisha unga hulegea. Huo bado ni mzima. Ulionyeshewa una mabonge ambayo hayavunjiki kwa vidole, na huo haufai kupokelewa hata kama bei yake ingepunguzwa. Uliopasuka upimwe kwa mzani.

Katika mfano wetu hesabu imekoma kwenye 194, na kati ya hiyo minne imeganda. Basi tuna namba nne zisizofanana: iliyoagizwa 300, iliyoandikwa kwenye hati 200, iliyofika 194, iliyokubaliwa 190. Mapokezi mabaya ni yale yanayozichanganya namba hizi ikawa moja. Mifuko 100 haikuletwa, sita imepotea kati ya duka na shule, minne imekataliwa. Kila kundi lina majibu yake. Ile 100 ni suala la mwenye duka na ratiba yake. Ile sita ina utata, maana mwenye duka atasema ilipakiwa na dereva atasema hakupewa. Minne lazima irudi na lori lilelile, kwa sababu ikibaki uwanjani kesho itahesabiwa kuwa yenu.

Sasa nondo. Kuzihesabu ni rahisi, shida iko kwenye unene. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa takribani gramu 890 kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita 12 kinakaribia kilo 10.7. Iliyopunguzwa ikawa milimita 11 haijulikani kwa macho, lakini uzito wake ni kama kilo 9 tu. Viwango huruhusu tofauti ya asilimia chache. Kilo moja na robo tatu kwa kipande kimoja imepita mpaka huo. Chagueni vipande vitano kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, si vile vya juu tu, mvining’inize kwenye mzani. Vikunjueni viwili mpime urefu kwa futi ya mkanda, kwa kuwa nondo nyingi husafirishwa zikiwa zimekunjwa katikati na fupi hujificha ndani ya mkunjo. Kamati isiyo na mzani iazime kwa mnunuzi wa mazao. Kila kijiji kina mmoja.

Baada ya hapo ndipo kalamu inatoka. Hati nyingi huwa na sentensi iliyochapwa chini kwamba mzigo umepokelewa wote na katika hali nzuri. Saini tupu chini ya sentensi hiyo ndiyo itakayotolewa mezani siku mnapodai mifuko yenu, na wala si hesabu mliyoifanya kwenye daftari la mwanafunzi. Kwa hiyo upungufu huandikwa juu ya hati yenyewe, kabla dereva hajaondoka, na kaboni ikiwa mahali pake ili nakala zote ziseme jambo moja. Andikeni kwa ufupi: “Saruji: iliyofika mifuko 194 (mia moja tisini na nne). Haikufika 6. Imekataliwa 4, imeganda, imerudishwa na gari. Iliyokubaliwa 190 (mia moja tisini).” Ongezeni tarehe, saa, namba ya gari, majina na saini za pande zote mbili. Maneno kama “mzigo haujatimia” hayasaidii, kwani hayasemi umepungua nini wala kwa kiasi gani. Namba iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja unaoacha ya zamani ikisomeka, na saini iwekwe kando yake.

Dereva akikataa kusaini, msigombane naye. Andikeni kwamba amekataa, mashahidi wawili waweke majina yao, kisha mpigieni mwenye duka simu dereva akiwepo na kumtumia picha ya hati kwa wasapu jioni hiyohiyo. Kuna ombi jingine ambalo husemwa kwa upole na ndilo la hatari zaidi: “Mama, saini 200 tu, hiyo sita nitaileta kesho na bodaboda.” Huenda dereva ni mkweli. Lakini mifuko hiyo ikija bila karatasi, itachanganywa na ile 100 inayosubiriwa, na safari ijayo ikifika 94 hakuna atakayejua imepungua au imetimia. Kila mzigo uje na hati yake, hata wa mfuko mmoja.

Sheria iko upande wa mpokeaji anayekagua. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inampa mnunuzi aliyeletewa pungufu haki ya kuukataa mzigo, au kuupokea na kulipia kilichopokelewa kwa bei ya makubaliano. Akiletewa zaidi ya alichoagiza, anaweza kuchukua kile alichoagiza na kuukataa ule wa ziada. Pia inatambua kwamba mtu hahesabiwi kuwa ameukubali mzigo ambao hakupewa nafasi ya kuukagua. Kwa hiyo dereva hana haki ya kuwakimbiza. Giza nalo ni sababu ya kuwasha taa ya pikipiki au kulaza lori hadi asubuhi, mkiwa na mlinzi wenu na wao.

Kutokana na hati iliyosainiwa, kamati hujaza hati yake ya mapokezi kwa namba 190, na mtunza stoo huingiza 190 kwenye leja. Wiki mbili baadaye ankara inakuja: mifuko 200, shilingi 3,600,000. Mhasibu anaweka pamoja oda, hati yenye maandishi ya upungufu, hati ya mapokezi na ankara, na anaona pa kulipa ni 3,420,000. Mwenye duka atarekebisha ankara yake, au atatoa hati ya kupunguza deni kwa shilingi 180,000. Kama hapakuandikwa kitu siku ile, mhasibu hana sababu yoyote ya kupunguza hata senti, na atalipa.

Nikiulizwa, dereva mwenye haraka siye anayeumiza miradi zaidi. Anayeumiza ni yule anayekuja na karatasi siku ya pili, au wiki ya pili, mzigo ukiwa umeshaingia stoo na nusu yake imeshatumika, akiwaomba wajumbe “wakamilishe saini tu.” Vifaa visivyoonekana kwenye leja na mapokezi yasiyo na ushahidi wa ukaguzi ni hoja zinazojirudia katika taarifa za CAG kuhusu halmashauri, na nyingi huanzia kwenye saini za namna hiyo. Ukiwa mjumbe na ukaletewa karatasi ya mzigo usiouona, usitie saini ya mapokezi. Omba ufunguliwe stoo, hesabu kilichopo, omba uonyeshwe kumbukumbu za vilivyokwisha kutolewa, kisha andika ulichokihesabu kwa macho yako na tarehe uliyohesabu, ambayo ni ya leo na si ile ya siku lori lilipofika.