Mzigo Umeshikiliwa TBS: Mnunuzi Aambiwe Nini?

Aliyewahi kulipia mzigo wa nje anaijua kauli hii: "Vuta subira kidogo, ni mambo ya bandarini." Huenda meli imechelewa. Huenda ushuru haujalipwa, au wakala wa forodha amekalia nyaraka. Na huenda mzigo umeshashuka na ushuru umelipwa, ila Shirika la Viwango, TBS, wameushikilia mpaka ubora wake uthibitishwe. Kila moja ya shida hizo ina dawa yake, na mnunuzi aliyeambiwa "mambo ya bandarini" hana namna ya kujua ajiandae kwa lipi.

Tuchukue mfano. Mama mwenye duka la vifaa vya umeme Morogoro ameagiza ekstensheni 600 kupitia kijana mfanyabiashara wa Kariakoo: za mita 3, waya wa milimita za mraba 1.5. Amelipa nusu. Kiwanda cha Uchina kikamwambia kijana kwamba ukaguzi kabla ya kusafirisha utachelewesha meli, naye akakubali mzigo uondoke hivyohivyo.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Tangu 2012 TBS inataka bidhaa nyingi zikaguliwe hukohuko zinakotoka, na kampuni za kimataifa zilizopewa kazi hiyo. Zikikidhi kiwango hupewa cheti cha ulinganifu, na mzigo wenye cheti hicho hupita kwa wepesi zaidi. Usio nacho hukaguliwa ukishafika hapa, kwa gharama ya mwagizaji. Mkaguzi hulinganisha ankara na kilichomo kwenye kontena, huchukua sampuli, na mzigo hubaki chini ya lakiri mpaka majibu yatoke.

Watu wengi huuliza ekstensheni ina nini cha kupimwa. Ina waya. Mtu akichomeka pasi na birika la umeme kwa pamoja, umeme unaopita unaweza kufika ampea 13. Waya wa shaba wa 1.5 kweli, wenye urefu wa mita 3, hupoteza kiasi cha wati 14 za joto zikisambaa kwenye urefu wote. Ukiushika utahisi uvuguvugu tu. Sasa chukua waya ulioandikwa 1.5 nje lakini ndani ni 0.5. Joto hilo hufika kama wati 40. Nyuzi zake zikiwa ni alumini iliyopakwa shaba, hupanda zaidi. Waya wa namna hiyo ukiwa umekunjwa nyuma ya kochi hulainisha plastiki yake, na moto huanzia hapo. Kwa macho huwezi kuutambua, kwa sababu wajanja huongeza unene wa plastiki ya nje. Maabara hupima ukinzani wa waya, nao haudanganyiki kwa maandishi.

Turudi kwa kijana wetu. Ujumbe anaopaswa kumtumia mama wa Morogoro siku hiyohiyo ungekuwa hivi:

"Shikamoo mama. Ekstensheni zako 600 zimeshuka Dar es Salaam Jumatatu na ushuru nimelipa, lakini hazijatoka. TBS wamezishikilia kwa kuwa ziliondoka Uchina bila cheti cha ulinganifu. Kosa hilo ni langu. Jana wamechukua sampuli za kupeleka maabara. Mzigo haujakataliwa, ila haujakubaliwa pia. Gharama za ukaguzi na za kontena kukaa ni juu yangu, bei yetu haibadiliki. Siku ya kutoka siwezi kukutajia, maana iko mikononi mwa maabara. Nitakupigia Alhamisi saa nne asubuhi, liwepo jipya lisiwepo. Ukipenda kusubiri, sawa. Ukitaka nikupe 100 za aina nyingine zilizokwisha kuthibitishwa ili duka lisikauke, ninazo. Ukitaka kuvunja oda, nakurudishia fedha yako yote. Nimekutumia picha ya notisi ya TBS."

Mengi katika ujumbe huo yanajieleza. Ninayotaka kuyakazia ni mawili. La kwanza ni ile picha. Mzigo ukishikiliwa na shirika la viwango huwa kuna karatasi: notisi, fomu ya sampuli, namba ya mzigo. Mwagizaji anayesema "TBS wamezuia" kwa wiki mbili bila kuonyesha hata karatasi moja, mara nyingi ana shida nyingine, na mara nyingi shida hiyo ni fedha. Mnunuzi asione haya kuiomba.

La pili ni tarehe. Kijana hakuahidi siku ya mzigo kutoka. Aliahidi siku ya kupiga simu. Ahadi ya kwanza ingemtegemea mtu wa maabara asiyemjua, na ikivunjika mara mbili mama hataamini tena lolote. Ya pili inamtegemea yeye mwenyewe.

Huku mama anasubiri, kuna bili mbili zinazokua, na watu huzichanganya. Moja ni ya hifadhi: bandari, au bandari kavu, hutoza eneo ambalo mzigo umekalia baada ya siku za bure kwisha. Nyingine ni ya kampuni ya meli, inayodai kontena lake lililochelewa kurudishwa. Hii ya pili ndiyo inayowaumiza wengi. Kwa hiyo wakala mzoefu huuliza mapema kama mzigo unaweza kuhamishiwa ghala la mwagizaji ukiwa chini ya lakiri, ili kontena lirudi huku majibu yakisubiriwa. Ruhusa hiyo ikitolewa huwa na masharti, na sharti kubwa ni kwamba hakiuzwi hata kimoja.

Kishawishi kikubwa huja hapo. Mzigo uko ghalani Kariakoo, mama anapiga simu kila asubuhi, na mtu anasema: "Toa katoni mbili tu, nani atajua?" Mama akizipokea, tatizo limehamia kwake. Sampuli zikifeli, bidhaa zitasakwa madukani, na rafu yenye vitu vilivyokatazwa itakuwa yake.

Majibu yakitoka salama, cheti hutolewa, lakiri huvunjwa na mzigo hupakiwa kwenda Morogoro. Kasoro ikiwa ni ya lebo, kwa mfano nchi ilikotengenezwa haikuandikwa, upo uwezekano wa kuruhusiwa kuirekebisha chini ya usimamizi. Waya mwembamba haurekebishiki. Mwagizaji huamriwa kurudisha mzigo ulikotoka au uteketezwe, kwa gharama yake, na mazungumzo na mnunuzi hubadilika kabisa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Mama aliagiza 1.5. Ikiwa ni 0.5, ana haki ya kuikataa na kudai fedha yake, hata kama kijana naye alidanganywa na kiwanda. Kijana atadaiana na kiwanda kivyake, na ripoti ya maabara ndiyo silaha yake.

Tuseme Alhamisi imefika na ripoti imetoka: sampuli zimefeli. Saa nne asubuhi kijana anapiga simu. Hana haja ya kuzunguka. "Mama, zimefeli. Waya ni mwembamba kuliko tulivyoandikiana. Ripoti nakutumia sasa hivi. Nusu uliyolipa nikurudishie leo, au nikupe mzigo mwingine wenye cheti?"